Wasifu mfupi wa mhasibu na mkaguzi wa hesabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wahasibu na wakaguzi wanaonitumia rasimu za wasifu wao kabla hazijaingia kwenye zabuni, kwenye tovuti ya kampuni au kwenye LinkedIn. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Pale Kenya inapotofautiana, nimesema.

## Mambo ya mwanzo

1. Wasifu mfupi ni nini, na una tofauti gani na wasifukazi?

Wasifukazi ni orodha kamili ya ulikosoma na ulikofanya kazi. Wasifu mfupi ni aya moja au mbili zinazomwambia mtu asiyekujua unashughulika na hesabu za nani, unafanya nini juu ya hesabu hizo, na una usajili gani. Anayeusoma ni mjumbe wa kamati ya zabuni, mwenyekiti wa bodi ya SACCOS anayetafuta mkaguzi, au meneja anayetaka mtu wa kumkabidhi leja. Watu hawa wanataka kujua jambo moja: nikimpa huyu vitabu vyangu, vitakuwa salama?

2. Uwe na urefu gani?

Maneno 60 hadi 120 yanatosha. Ukiona umevuka 150, mara nyingi ni sifa zilizoongezeka, kazi zimebaki zilezile.

3. Niandike "mimi" au "yeye"?

Fuata mahali unapokwenda. Kwenye zabuni, tovuti ya kampuni na ratiba ya semina, andika kwa nafsi ya tatu: "anaandaa", "anapitia". Kwenye ukurasa wako mwenyewe nafsi ya kwanza inafaa zaidi, kwa kuwa msomaji anajua ni wewe unayezungumza. Usichanganye. Wasifu unaoanza na "ni mhasibu" na kuishia na "nimefanya" unaonyesha haukusomwa mara ya pili, na kwa mtu anayeishi kwa kulinganisha tarakimu hilo ni doa.

## Maneno

4. Kwa nini nisiandike tu kwamba mimi ni mwadilifu na makini?

Kwa sababu kila mtu anaandika hivyo, hata yule aliyefukuzwa kwa masurufu yasiyorejeshwa. Neno "mwadilifu" halina kitu ambacho msomaji anaweza kukikagua. Ukisema "anaandaa hati za malipo, uidhinishaji unafanywa na meneja", hujataja uadilifu popote, lakini msomaji anayejua kazi ameona kwamba unafahamu mpaka wa mamlaka yako na huoni haya kuutaja.

Hilo ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniletea rasimu. Umakini wa mhasibu unaonekana kwenye kitenzi alichochagua, na uadilifu wake unaonekana pale anaposema kazi yake inaishia wapi. Ukitengeneza hayo mawili vizuri, vivumishi vingine vyote unaweza kuvifuta.

5. Basi nitumie vitenzi gani?

Tumia kitenzi cha ngazi uliyofikia, bila kuzidisha. Kwenye hesabu kuna ngazi ambazo kila mtu wa fani anazijua: kuna anayeingiza miamala, anayeandaa taarifa, anayepitia kazi ya mwenzake, anayeidhinisha na anayesaini. Hivyo ni vitenzi vitano na kila kimoja kina mtu wake. "Kusimamia" na "kushughulikia" ni vya kuviogopa, kwa sababu vinaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo vitano.

Nilijifunza hili vibaya. Nikiwa na miaka miwili kwenye ukaguzi niliandika kwamba "nilisimamia ukaguzi wa benki". Kwenye usaili, mjumbe mmoja aliuliza kwa upole: karatasi za kazi za eneo la mikopo zilipitiwa na nani? Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kugusa mikopo. Nilichokifanya ni kuzunguka matawi nikihesabu kompyuta, meza na jenereta, na kulinganisha namba zilizobandikwa juu yake na rejista ya mali za kudumu. Kazi ile ilikuwa ya kweli na niliifanya vizuri. Kama ningeiandika hivyohivyo, "alihakiki kuwepo kwa mali za kudumu katika matawi", angeniuliza niligundua nini, na nilikuwa na mengi ya kumweleza. Badala yake alifunga faili langu.

Kitenzi kingine cha kuangalia ni "kuhakikisha". Mhasibu anayeandika "anahakikisha hesabu hazina makosa" ameahidi kitu ambacho hata mkaguzi wa nje haahidi. Kwa wakaguzi, tazama swali la 11.

6. Nimeambiwa wasifu uwe na namba. Zipi?

Namba ambazo kuna karatasi nyuma yake. Idadi ya akaunti za benki unazofanyia usuluhishi, siku ya mwezi unayofunga vitabu, idadi ya matawi, mwaka ulioanza kazi. Mtu akitaka kuzithibitisha atafungua faili na kuziona.

Asilimia za ufanisi ziache. "Aliongeza ufanisi wa idara kwa asilimia 40" inazaa swali ambalo wewe mwenyewe ungemuuliza mteja: asilimia 40 ya nini, ilipimwaje, na kabla ilikuwa ngapi? Kama huna majibu ya kuweka mezani, namba hiyo ni malipo yasiyo na viambatisho.

Badala ya "uzoefu wa zaidi ya miaka 10" andika "tangu 2014". Miaka ya uzoefu inabadilika kila Januari na utasahau kuirekebisha. Mwaka wa kuanza haubadiliki.

## Mfano uliofanyiwa kazi

7. Naomba kuona wasifu mmoja kabla na baada ya kurekebishwa.

Huu uliletwa na mhasibu wa chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike. Rasimu yake ilikuwa hivi:

> Ni mhasibu mbobezi, mwadilifu na mchapakazi mwenye uzoefu mkubwa katika masuala yote ya fedha. Ana jicho la kipekee la kuona makosa na ameokoa mamilioni ya shilingi. Amehakikisha chama kinapata hati safi kila mwaka.

Nilianza na "mamilioni". Nikamuuliza: ni kiasi gani, na kiliokolewaje? Akanieleza. Kila mwezi karani alikuwa akiingiza ada za miamala ya pesa za simu kutoka kwenye taarifa ya kampuni ya simu. Mwisho wa mwezi mtu mwingine alikuwa akiingiza ada hizohizo kwa jumla, kwa vocha ya jarida. Ada zilikuwa kama shilingi 295,000 kwa mwezi, na jambo hilo liliendelea kwa miezi 8. Salio la kitabuni likawa pungufu ya salio la kwenye simu kwa shilingi 2,360,000. Kwenye usuluhishi tofauti hiyo ilikuwa ikisukumwa mbele kila mwezi chini ya mstari ulioandikwa "miamala inayosubiri". Yeye alipokabidhiwa usuluhishi huo alikaa na mstari ule, akauvunja mwezi kwa mwezi, na akaona kila mwezi unalingana sawasawa na ada za mwezi huo.

Ni kazi nzuri sana. Lakini je, aliokoa fedha? Hapana. Fedha haikutoka popote. Ada ililipwa mara moja tu. Kilichokuwa kimekosewa ni matumizi kuandikwa makubwa kuliko yalivyokuwa na salio kuandikwa dogo. Kitenzi sahihi ni "alibaini na kurekebisha". Kwa mkaguzi anayesoma, "aliokoa milioni 2" na "alibaini ada zilizoandikwa mara mbili" ni watu wawili tofauti, na wa pili ndiye anayeajirika.

Baada ya hapo tuliuliza nani anaidhinisha malipo (meneja), nani anashika fedha taslimu (keshia), na nani anaandaa hesabu za mwaka (yeye, kama rasimu). Wasifu ukawa hivi:

> Ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Tangu 2017 anatunza leja za akiba na mikopo, na anaandaa usuluhishi wa kila mwezi wa akaunti tatu za benki na moja ya pesa za simu. Anaandaa rasimu ya hesabu za mwaka kwa ajili ya bodi na mkaguzi wa nje. Haidhinishi malipo wala hashiki fedha taslimu. Ana CPA(T) na amesajiliwa na NBAA.

Utaona kisa cha ada hakimo. Tulikiondoa kwa sababu ni jambo la ndani la mwajiri na hakuwa na ruhusa ya kulitangaza. Kwenye usaili anaweza kueleza mbinu bila kutaja chama. Sentensi ya "haidhinishi malipo wala hashiki fedha taslimu" mwanzoni aliipinga, akiona inampunguzia. Nikamwomba amsomee mjumbe yeyote wa bodi anayemfahamu. Alirudi akasema hiyo ndiyo sentensi pekee iliyomfanya mjumbe ainue macho.

## Vyeti na usajili

8. Nimefaulu mitihani ya mwisho. Naweza kuandika CPA?

Tenganisha mambo matatu: kufaulu mitihani, kusajiliwa, na kuruhusiwa kutoa huduma kwa umma. Tanzania mitihani na usajili vyote viko chini ya NBAA, bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, lakini ni hatua tofauti. Kufaulu hakukufanyi uwe umesajiliwa, na kusajiliwa kama mhasibu hakukupi ruhusa ya kufungua ofisi na kusaini ripoti za ukaguzi. Kenya hata taasisi ni mbili: KASNEB inatahini, ICPAK inasajili, na cheti cha kutoa huduma kwa umma kinatafutwa baada ya hapo.

Andika hatua uliyofikia kwa maneno yake: "amefaulu mitihani ya mwisho ya CPA mwaka 2023, maombi ya usajili yako NBAA". Ni sentensi ndefu kidogo kuliko herufi tatu, lakini msomaji anaweza kuithibitisha na ataikuta ni kweli.

9. Bado niko kwenye mitihani. Nisiseme chochote?

Sema, ila taja ngazi uliyokamilisha. "Anaelekea kupata CPA" haina maana. Aliyefeli mara tatu na aliyebakiza somo moja wote wanaelekea. Taja ngazi uliyomaliza na mwaka wake, kisha acha hapo.

## Kwa wakaguzi

10. Naweza kuandika kwamba wateja wangu hupata hati safi?

Usiandike kabisa. Maoni ya mkaguzi hayatolewi kama zawadi kwa mteja. Hesabu ni za menejimenti; mkaguzi anasema anaonaje juu yake. Maoni yanaweza kuwa hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, au mkaguzi akashindwa kutoa maoni. Mkaguzi anayetangaza kwamba wateja wake wote wanapata ya kwanza amemwambia msomaji kwamba jibu linajulikana kabla vitabu havijafunguliwa. Benki inayotegemea ripoti yako kutoa mkopo ikisoma sentensi hiyo, ripoti zako zote zimepungua thamani.

Mhasibu naye asijisifu kwa hati safi kana kwamba aliipata peke yake. Anaweza kusema "aliandaa hesabu za mwaka ulioishia 30 Juni 2023 na kuziwasilisha kwa mkaguzi kabla ya 30 Septemba". Kwa taasisi ya umma Tanzania huo ndio muda wa miezi mitatu unaotakiwa, na anayejua ataelewa kwamba uliwahi.

11. Ninagundua wizi na ubadhirifu. Si sifa kubwa hiyo?

Ni kazi nzuri, lakini angalia unachoahidi. Kwa viwango vya kimataifa vya ukaguzi, mkaguzi anatoa uhakika wa kiwango cha kuridhisha, na uhakika huo si kamili. Kiwango namba 240 kinaweka jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua udanganyifu kwa menejimenti na wale wanaoisimamia taasisi. Ukiandika "hakuna ubadhirifu unaompita", siku upitwe na mmoja, mteja atakuletea sentensi hiyo pamoja na wakili.

Kama umefanya ukaguzi maalumu, utaje kwa jina lake na kwa mipaka yake: "alifanya ukaguzi maalumu wa malipo ya posho kwa miezi 18, kwa hadidu za rejea zilizotolewa na bodi". Matokeo yaache kwenye ripoti, hasa kama shauri liko mahakamani au kwenye vyombo vya uchunguzi.

12. Naweza kutaja majina ya wateja?

Usitaje bila ruhusa yao ya maandishi. Usiri ni mojawapo ya kanuni tano za msingi za maadili ya wahasibu, na hauishi pale mkataba unapoisha. Taja sekta na ukubwa: "hospitali ya mkoa", "kampuni ya usafirishaji yenye malori 60". Kisha jiulize kama mtu wa mji huo anaweza kuitambua. Kama mkoa una kampuni moja tu yenye malori 60, umeshaitaja, ondoa namba.

Zabuni zinazodai orodha ya wateja ni jambo jingine. Hapo kampuni inaandaa orodha rasmi yenye ridhaa za wateja, na wasifu wako unaendelea kutaja sekta tu.

13. Ushindani ni mkali. Nisiseme mimi ni bora kuliko wengine?

Kanuni za maadili za kimataifa, kwenye kifungu cha 115, zinakataza mambo mawili mtu anapojitangaza: kutia chumvi juu ya huduma, sifa au uzoefu wake, na kujilinganisha na kazi ya wengine bila uthibitisho. "Kampuni namba moja", "tofauti na wakaguzi wengine" na "bei zetu hazina mpinzani" zote zinaangukia hapo.

14. Mimi ni mkaguzi wa ndani. Niandike tofauti?

Ndiyo. Jambo ambalo msomaji anataka kulijua kwanza ni nani anapokea ripoti zako. "Anawasilisha ripoti za robo mwaka kwa kamati ya ukaguzi ya bodi" ni sentensi nzito kuliko sifa yoyote. Kama ripoti zinaishia kwa mhasibu mkuu unayemkagua, tatizo hilo haliko kwenye wasifu, na kulifunika kwa maneno hakutasaidia.

Angalia pia usiandike kwamba unapitisha malipo kabla hayajafanyika. Ukishiriki kuidhinisha malipo leo, robo ijayo utakuwa unajikagua mwenyewe, na mkaguzi wa nje ataliona hilo kwenye mstari wako wa pili.

## Hali ngumu

15. Taasisi ilipata hati yenye shaka nikiwa mhasibu wake. Nifiche miaka hiyo?

Usiifiche. Kama ni taasisi ya umma, ripoti ya CAG iko wazi kwa kila mtu, na pengo la miaka miwili kwenye wasifu litamfanya msomaji aitafute. Andika ulichokuwa na dhamana nacho na kipindi chake, bila kujitetea. Kama ulishiriki kujibu hoja, sema hivyo: "aliandaa majibu na vielelezo vya hoja za ukaguzi za mwaka 2020/21". Usiandike "alifunga hoja zote". Anayefunga hoja ni mkaguzi baada ya kuhakiki. Wewe uliwasilisha majibu.

Kisa chenyewe, kwa mfano kwamba stakabadhi za miaka ya nyuma zilikuwa zimeharibika kwa mvua kabla hujafika, kiweke kwa ajili ya usaili.

16. Ninaandikia vitabu wateja wadogo na pia ninakagua. Naweza kuweka yote kwenye wasifu mmoja?

Unaweza, ila sentensi zako ziyatenganishe. "Anatoa huduma za uhasibu na ukaguzi kwa wajasiriamali" inasomeka kama unamwandikia mtu vitabu kisha unakuja kuvikagua mwenyewe. Andika hivi: "Anaandaa vitabu na ritani za VAT kwa wafanyabiashara wadogo. Anakagua vyama vya ushirika. Hakagui mteja ambaye anamwandalia vitabu."

Lakini sentensi hiyo ya tatu iandike ikiwa tu ni kweli kwa wateja wako wote leo. Niliwahi kumrudishia mkaguzi mmoja rasimu baada ya kupitia naye orodha yake na kukuta duka moja la dawa analiandalia vitabu na kulikagua. Aliniomba tuiache sentensi maana ni duka moja tu. Tuliifuta, akaenda kuandika barua ya kujitoa kwenye ukaguzi wa duka hilo. Wiki tatu baadaye, mwenye duka alipopata mkaguzi mwingine, tuliirudisha sentensi mahali pake.